Muhuri wa Yai

Kuku wa kwanza niliyemnunua Leicester, Uingereza, sikumla. Alikaa kwenye friji siku mbili, ya tatu nikampa jirani wa ghorofa ya chini ambaye hana masharti ya chakula. Ilikuwa Januari 2019, wiki yangu ya pili mjini, na yule kuku nilikuwa nimemchagua kwa makini kabisa. Nyuma ya pakiti palikuwa na muhuri mdogo wenye umbo la yai: juu UK, katikati namba ya tarakimu nne, chini EC. Nikajiambia, haya, huyu amekaguliwa.

Mtanicheka, lakini nimekulia Kibokoni, Mombasa. Kwetu nyama haisomwi. Unakwenda bucha, unaona paja limepigwa wino wa mkaguzi, unasema nusu kilo ya mfupa, unakatiwa, unakwenda zako. Hata bucha la mtu asiyekuwa Mwislamu, machinjioni aliyeshika kisu mara nyingi ni Mwislamu, kwa sababu mwenye bucha anataka wateja wote. Swali la nani kachinja halikuwahi kunipitia kichwani. Kwa hiyo nilipoona muhuri, akili ilikwenda moja kwa moja kwenye ule wino wa nyumbani, na wino wa nyumbani kwangu ulikuwa na maana mbili kwa pamoja: safi, na halali.

Aliyenizindua ni bibi mmoja wa Kigujarati, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Tulijuana kituo cha basi. Nilikuwa naongea na mama kwa simu, nikamaliza, nikasikia nyuma yangu, "Wewe toka Mombasa? Mimi Kampala." Alifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 pamoja na wenzake, akiwa msichana wa shule. Wakati ule manispaa ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije, mji umejaa. Wakaja kwa maelfu. Ndiyo maana leo ukiingia maduka ya mboga ya mji huu unakuta muhogo umeandikwa mogo, na Waingereza wenyewe wanauita hivyo hivyo bila kujua wanaongea nini.

Nilimwambia bibi nimepata kuku mwenye muhuri. Akanifuata hadi jikoni, akatoa miwani, akamgeuza yule kuku chali.

"Hii ya daktari ya nyama, mama. Siyo ya sheikh."

Muhuri wa yai ni alama ya kiwanda. Kila kiwanda kinachochinja, kukata au kufunga nyama lazima kiwe na namba ya idhini, na namba hiyo huchapwa ndani ya yai. Inakwambia nyama imepitia wapi mara ya mwisho na kwamba serikali inakitambua kiwanda hicho. Nguruwe anao, kuku anao, hata jibini inao. Tangu 2021, Uingereza ilipomaliza kujitoa Umoja wa Ulaya, yale maandishi EC yaliondolewa, lakini kazi ya muhuri ni ile ile. Kuhusu uchinjaji hausemi neno. Nimekutana na Waswahili wawili watatu baada ya hapo walioanguka shimo lilelile, mmoja wao amekaa Uingereza miaka minne.

Nikauliza, basi nitafute pakiti iliyoandikwa halal. Bibi akatikisa kichwa kama mtu aliyeulizwa swali hilo mara mia. "Neno siyo kitu. Tafuta jina."

Hapo ndipo penye somo lenyewe, na lilinichukua miezi kuliona vizuri. Uingereza hakuna chombo cha serikali kinachosema nyama hii ni halali na ile si halali. Neno halal kwenye pakiti ni dai la muuzaji, kama anavyodai kwamba mkate wake ni mtamu. Sheria inamkataza kudanganya mnunuzi, lakini haimwambii halali ni nini. Anayejaza pengo hilo ni mashirika ya Waislamu wenyewe, yanayotoa vyeti kwa hiari, kila moja kwa masharti yake. Kwa hiyo pakiti yenye neno tupu, bila jina la shirika, haijakwambia kitu unachoweza kukifuatilia.

Mashirika ninayokutana nayo zaidi hapa ni mawili. Halal Food Authority, yaani HFA, lilianzishwa mwaka 1994. Halal Monitoring Committee, yaani HMC, lilianza 2003, na makao yake ni papa hapa Leicester, ndiyo maana mji huu alama yake ya HMC imezagaa kuliko matangazo ya simu. Tofauti yao kubwa ni jambo moja: umeme.

Sheria ya Uingereza inataka mnyama azimishwe fahamu kabla ya kuchinjwa, ila imetoa ruhusa maalumu kwa Waislamu na Mayahudi kuchinja bila hivyo, ndani ya machinjio yenye idhini. Waislamu hawakubaliani kama ruhusa hiyo ni lazima itumiwe. Kwa kuku wa halali wanaozimishwa fahamu, njia ya kawaida viwandani ni beseni la maji. Ndege wananing'inizwa miguu juu kwenye mnyororo unaotembea, vichwa vinazama kwenye maji yenye umeme, wanatoka wamezirai, halafu ndipo shingo inakatwa. HFA hukubali umeme kwa sharti kwamba uwe wa kuzimisha fahamu tu, usiue: ndege angeachwa bila kukatwa, angezinduka. HMC hawakubali kabisa. Hoja yao ni kwamba kwenye mstari unaopitisha maelfu ya ndege kwa saa, na ndege wenyewe hawalingani ukubwa, huwezi kuapa kwamba hakuna aliyekufa majini kabla ya kisu. Na aliyekufa kabla ya kisu ni kibudu. Hilo la kibudu wote wanaafikiana. Wanachobishania ni kama unaweza kuwa na hakika. HMC pia wanataka mchinjaji awe mtu mwenye kisu mkononi, anayetamka mwenyewe, si mashine ya kuzungusha kisu.

Sitoi fatwa hapa. Nina marafiki wanaokula kuku wa umeme kwa dhamiri safi na wana mashekhe wao waliowaeleza. Mimi nyumbani kwangu nimechagua asiyepigwa umeme, na nikialikwa kwa mtu nakula bila kuuliza maswali ya polisi. Ninachosema ni kwamba hili ni chaguo, na huwezi kulichagua kama husomi jina. Miezi mitano ya mwanzo nilikuwa nakula vyote viwili nikidhani ni kitu kimoja.

Kuna la madhehebu pia ambalo hakuna aliyenieleza, nililigundua nikibishana na mwuza nyama wa Kihindi. Yeye alikuwa anakazania Bismillahi itamkwe kwa kila kuku mmoja mmoja. Sisi wa pwani wengi ni Shafi, na kwa Shafi kutaja jina la Allah wakati wa kuchinja ni sunna iliyotiliwa mkazo. Yeye ni Hanafi, na kwao ni wajibu: mchinjaji akiacha kwa makusudi, nyama hailiwi. Nikaelewa kwa nini watu wa hapa wanakasirikia mashine kwa hasira ambayo mimi sikuizoea. Kwa upande mwingine, yeye huyohuyo alisita alipoambiwa kaa na pweza, ambao kwetu ni chakula cha Jumamosi.

Sasa nieleze pakiti zenyewe. Siku moja nilichukua pakiti mbili za nageti za kuku kwenye friza la duka moja, nikaziweka kando kwa kando juu ya mfuniko. Zote zina neno halal mbele kwa herufi za kijani, moja imeongeza na picha ya msikiti. Nikazigeuza. Ya msikiti ilikuwa na orodha ya viambato, ikaandika kuku wa halal asilimia kadhaa, muhuri wa yai, anwani ya msambazaji, basi. Hakuna shirika. Ya pili ilikuwa na nembo ya shirika, jina lake likisomeka. Ile ya kwanza huenda ilikuwa safi kabisa. Lakini ningemwuliza nani? Msambazaji? Ya pili nilikuwa na pa kupiga simu. Nilirudisha msikiti kwenye barafu.

Ukifika buchani mambo ni tofauti kidogo, maana nyama ya bucha haina pakiti. Hapo unachosoma ni cheti ukutani. Na cheti kinasomwa, hakitazamwi. Hili nimelijua kwa aibu. Kulikuwa na bucha karibu na nilikokuwa nafanya kazi, mwenyewe mcheshi, nyama nzuri, cheti kimewekwa kwenye fremu juu ya mashine ya kusaga. Nilinunua pale karibu mwaka. Siku moja foleni ilikuwa ndefu, sina la kufanya, nikakisoma. Jina la duka halikuwa lile la kibaoni. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita miezi kumi na minne. Ilikuwa fotokopi, unaona kivuli cha ukingo wa karatasi ya asili. Nilipomwuliza alisema aliinunua biashara kutoka kwa mwenye duka wa zamani pamoja na fremu zake, cheti kipya kinakuja. Labda kweli. Niliondoka na kilo mbili za mbuzi nilizokwisha kulipia, sikurudi tena.

Tangu siku hiyo natazama vitu vitatu: jina na anwani ya duka ndani ya cheti vifanane na mlangoni, tarehe iwe hai, na cheti kiseme kinahusu nini. Kisha naingia tovuti ya HMC, ambako kuna orodha ya maduka kwa mji, naangalia kama lile duka limo. Inachukua dakika moja, na wenye maduka ya kweli hawachukii. Bucha ninaponunua sasa, pale Evington Road, nilipouliza mara ya kwanza kijana alinivuta nyuma ya kaunta akanionyesha katoni la kuku lenye lebo ya shirika juu ya gundi ya kufungia. "Auntie, angalia hii, siyo ile ya ukutani," akasema. Alisema kweli. Cheti kinasema duka limeingia mkataba. Lebo ya katoni inasema kuku huyu, wa leo, ametoka wapi.

Bucha hilohilo ndilo lililonirudishia kuku wa kupaka. Kuku wa dukani hapa ni laini kama maandazi, ukimweka kwenye tui la nazi anavunjika kabla viungo havijaingia. Nilimweleza kijana nataka kuku mgumu wa nyumbani. Akacheka, akaniletea kuku wa mayai aliyezeeka, ambao Wahindi na Wasomali wanauliza kila siku. Ni mdogo, mwembamba, anataka saa moja na nusu hadi mbili jikoni, na supu yake ina mafuta ya manjano kama ya bibi yangu. Kumbuka tu kusema unamtaka na ngozi. Hapa bila kusema lolote watakuvulia ngozi wanakusaidia.

Na Idd kubwa usitafute mbuzi wa kufunga uani. Kuchinja bila kuzimisha fahamu kunaruhusiwa machinjioni tu, kwa hiyo unaandikisha jina buchani mapema, wao wanapeleka orodha, nyama inarudi imefungwa pengine siku ya pili ya Idd. Mwaka wa kwanza nilihuzunika kukaa asubuhi ya Idd bila hata maini.

Nyama, kwa kweli, ukishajua ni rahisi. Kilichonitesa ni vile visivyo na nyama.

Disemba ya kwanza kazini walileta vile vikeki vidogo vya Krismasi, mins pai. Neno mins kwangu ni nyama ya kusaga, nikakataa kwa adabu. Mwenzangu akasema hapana, hamna nyama, ni zabibu na matunda makavu. Nikala viwili. Cha tatu ndipo nikachukua boksi nisome, maana vilikuwa vitamu. Brandi ilikuwa kiambato cha saba au cha nane, na mafuta yake yalikuwa ya ng'ombe. Mwenzangu hakudanganya. Nilimwuliza kuhusu nyama, akajibu kuhusu nyama.

Orodha ya viambato Uingereza hupangwa kwa uzito, kikubwa mbele. Vile vilivyoandikwa kwa wino mzito si vya haramu, ni vya mzio: maziwa, mayai, ngano, karanga na wenzao, jumla kumi na vinne. Mtu mgeni huona maneno meusi akadhani ameonyeshwa cha kuogopa. Mafuta ya nguruwe hayamo kwenye kumi na vinne hivyo, wala jelatini ya nguruwe, kwa hiyo vitakaa kwenye wino wa kawaida katikati ya orodha, vimetulia.

Kilichonichanganya zaidi ni E471. Iko kwenye mkate, aiskrimu, majarini, keki, kila mahali. Ni kitu cha kushikanisha mafuta na maji, kinachotengenezwa kutokana na mafuta ya mimea au ya wanyama. Sheria inataka mafuta ya mmea yatajwe jina, ya mawese au ya alizeti, na mafuta ya mnyama yasemwe kuwa ni ya mnyama. Lakini yakishageuzwa kuwa E471 sharti hilo halipo. Inaandikwa E471, basi. Kwa kusoma peke yake huwezi kujua. Wiki kadhaa nilikuwa nasimama mbele ya rafu ya mikate kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Njia niliyofundishwa na Wasomali wa jirani ni kutafuta alama ya wasiokula nyama. Bidhaa nyingi hapa huandikwa kwamba zinawafaa watu hao, au huwa na V ya kijani. Ikiwepo, basi E471 yake imetoka kwenye mmea, jelatini haipo, jibini yake haikugandishwa kwa tumbo la ndama, na hata E120, ile rangi nyekundu inayotokana na wadudu waliosagwa, haipo. Alama moja imejibu maswali manne. Iliniokoa miaka.

Lakini ina tundu. Asiyekula nyama anaweza kunywa pombe. Keki ya brandi inaweza kubeba V bila kosa lolote, keki ya ramu hali kadhalika. Kwa hiyo V ikiwepo bado napitisha jicho kutafuta mvinyo, bia, brandi. Na kuna pombe ambayo haitaandikwa kabisa: ladha kama vanila huyeyushwa kwenye spiriti, na kiyeyushio cha ladha hakilazimiki kutajwa kwenye orodha. Hapo wanazuoni wanatofautiana kuhusu kiasi kidogo kilichopotea ndani ya keki nzima, na mimi nimewaachia. Anayetaka hakika kwenye jambo hilo itabidi atafute nembo ya shirika la halali kwenye pakiti, kwa sababu shirika linauliza kiwandani maswali ambayo lebo haijibu.

Kosa jingine nililolifanya ni la jelatini ya ng'ombe. Niliona peremende zimeandikwa jelatini ya ng'ombe, nikafurahi kwamba si nguruwe, nikamnunulia binti yangu. Ng'ombe gani? Kachinjwa na nani? Kama hakuna nembo, ni ng'ombe asiye na habari. Na peremende ni kitu cha ajabu: jina lilelile, dubu walewale wa rangi, pakiti moja imetengenezwa nchi ya Ulaya kwa jelatini ya nguruwe na nyingine imetengenezwa Uturuki kwa ya ng'ombe wa halali, na maduka yanaweza kuziuza mtaa mmoja. Binti yangu sasa anajua kutazama nchi kabla ya rangi.

Vyakula vya nyumbani nilivitafuta kwa kiu zaidi kuliko nyama. Mama alinifungia safari ya kwanza nyama ya kukausha ndani ya kanga. Ilichukuliwa uwanja wa ndege na afisa mwenye glavu, tena kwa upole. Nyama na maziwa haviruhusiwi kuingizwa na msafiri anayetoka nchi kama yetu, hata kama ni kidogo, hata kama ni cha mama. Bizari na iliki vilipita.

Unga mweupe wa sima unapatikana maduka ya Waafrika na ya Wahindi. Angalia rangi, kwani unga wa mahindi wa Kihindi mwingi ni wa manjano, na sima yake ina ladha ya keki. Tui la nazi ni la makopo kutoka Thailand, na hapa kusoma kunalipa. Makopo mawili yanafanana, moja ni nazi zaidi ya nusu na maji, jingine nazi ni robo tu na yaliyobaki ni maji, unga wa kuganda na E435. Hii E435 nayo ni ndugu wa 471, inaweza kutoka popote. Lakini kopo la Thailand mara nyingi lina nembo ndogo ya halali yenye umbo la almasi, ya baraza la Kiislamu la nchi hiyo, na nembo ikiwepo suala limekwisha. Tatizo ni kwamba mwagizaji analazimika kubandika lebo ya Kiingereza, na lebo hiyo anaibandika popote, mara nyingine juu ya nembo yenyewe. Nimeshawahi kusimama dukani nikiibandua kwa ukucha.

Kwa nembo za nje, nimezoea chache tu. Ya Malaysia ni ya duara na nyota ndani. Ya Indonesia ilibadilika mwaka 2022, kutoka ya kijani ya duara kwenda ya zambarau yenye ncha juu, na muda mrefu baadaye pakiti za tambi zilikuwa na hii au ile. Nilikaribia kuikataa ile mpya nikidhani ni ya bandia.

Mama alinitembelea mwaka 2023. Siku ya kwanza dukani alinishangaa. "Mwanangu, mkate nao unausoma? Kwani ni chuo?" Nikampa kopo la tui alishike. Akalizungusha, akaliweka mbali na macho, akalileta karibu, akaona ile almasi na herufi za Kiarabu ndani yake. Akasema, "Aa, kumbe wameandika." Kutoka hapo hakutaka kuniachia kikapu. Kila kitu alikigeuza, hadi chumvi.

Mwisho wa rafu akapata pakiti ya chevda, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya Kenya. Macho yakamng'aa, akachukua tatu. Kisha, kwa kuwa sasa amekuwa msomaji, akaigeuza. Imetengenezwa Leicester.